Nywele zimeziba tundu la bafu, maji yanafunika vidole. Fundi anataka kuvunja marumaru. Nifanyeje kabla hajavunja?

Mama Pacha Ligula (mwanzisha uzi)
Ijumaa, saa 2:15 usiku

Habari za jioni wanajukwaa. Niko Mtwara mjini, Ligula, nyumba ya kupanga. Bafu letu lina sehemu ya kuogea iliyozungushiwa kizingiti kidogo, na katikati kuna tundu la kutolea maji lenye kifuniko cha chuma cha duara, upana wake kama kiganja. Tangu mwezi uliopita maji yalianza kuondoka polepole. Wiki hii mtu akioga ndoo moja tu maji yanafunika vidole, na anayefuata inabidi asubiri.

Nyumbani tuko wanawake wanne: mimi, mdogo wangu na mabinti zangu wawili wa chuo. Wote tunasuka, na kufumua na kuosha nywele tunafanyia humohumo bafuni. Kwa hiyo sina shaka kwamba ni nywele. Nimemwaga masufuria mawili ya maji yaliyochemka, hakuna kilichobadilika.

Jana alikuja fundi, akaangalia dakika mbili, akasema bomba limeziba chini ya sakafu na lazima avunje marumaru alifuate. Laki moja na nusu, mbali na saruji na vigae vipya. Mwenye nyumba kasema uzibaji ni juu ya mpangaji. Naombeni ushauri kwa mtu anayejua, nisije nikavunjisha sakafu ya watu bure.

Ukuti Mkavu
Ijumaa, saa 2:40 usiku

Pole mama. Hilo shimo limejaa. Ita gari la kunyonya majitaka lije linyonye, utaona maji yanavyokimbia. Mimi nilihangaika hivyohivyo miezi miwili, kumbe shimo lilikuwa limefika juu.

Fundi Bomba Mikindani
Ijumaa, saa 3:05 usiku

Mama Pacha, usivunje hata kigae kimoja kwanza. Na gari la kunyonya usiite bado. Nijibu mambo matatu.

Choo cha humo bafuni ukiflashi, maji yanaondoka kama siku zote? Na sinki la kunawia? Ukiflashi choo, tundu la bafu linatoa mabubujiko au maji yanapanda?

Kisha chukua ndoo ya lita 10, imwage yote kwenye sehemu ya kuogea na uangalie saa mpaka maji yaishe kabisa. Niandikie muda huo. Kila tutakachofanya tutakipima kwa ndoo hiyohiyo, tusiende kwa kubahatisha.

Mama Pacha Ligula
Ijumaa, saa 3:50 usiku

Ahsante fundi. Choo kinaflashi vizuri, sinki halina tatizo, na tundu la bafu halibubujiki kabisa choo kikiflashiwa. Ndoo ya lita 10 imechukua dakika 9 na ushee.

Fundi Bomba Mikindani
Ijumaa, saa 4:20 usiku

Basi umeshapata nusu ya jibu. Shimo likijaa, au bomba kubwa la kwenda kwenye chemba likiziba, choo na sinki navyo vinaugua, maana vyote vinakwenda njia moja. Mara nyingi tundu la bafu ndilo la kwanza kurudisha maji kwa sababu ndilo liko chini kuliko vyote. Kwako choo na sinki vinapita na bafu halirudishi kitu. Kwa hiyo uzibaji uko kati ya kifuniko na mahali bomba la bafu linapoungana na mengine, na kwa nyumba ya wanawake wanne wanaosuka, nasema uko kwenye flotrapu yenyewe, chini ya kifuniko kabisa.

Elewa kilichomo mle ndani, maana fundi wako hakufungua. Ukitoa kifuniko utakuta kikombe kimepinduliwa kifudifudi, kimekaa juu ya kichwa cha bomba kilichosimama katikati. Kukizunguka kuna maji yaliyotuama. Maji ya kuoga yanashuka pembeni, yanapita chini ya ukingo wa kikombe, yanapanda ndani yake, ndipo yanamwagikia kwenye bomba. Yale yaliyotuama yanazuia harufu na mende wa chemba wasipande. Sasa nafasi ya chini ya kikombe haizidi unene wa kidole. Unywele mmoja ukinasa kwenye ukingo, wa pili unashika wa kwanza, sabuni inaganda juu yake, mchanga wetu huu wa Mtwara unajaa chini, na wiki kadhaa baadaye unakuwa na kizibo kama sifongo. Maji ya moto hayawezi kuyeyusha kitu hicho. Tena yale yaliyochemka acha kabisa, bomba hizi za plastiki zinalegea, na viungo vilivyogundishwa vinaweza kuachia.

Kesho ukiwa na mwanga wa mchana fanya hivi. Vaa glovu. Kifuniko kama kina skrubu na zimeshika kutu, na kwa hewa ya bahari lazima zimeshika, zidondoshee mafuta ya taa au ya cherehani usiku huu, asubuhi jaribu na bisibisi inayolingana na mdomo wa skrubu. Usilazimishe na kisu, utakula mdomo wake. Kama hakina skrubu, kata utando wa uchafu pembezoni kwa ncha ya kisu, kisha kiinue.

Kikombe kishike, kizungushe kidogo, kivute juu. Nywele zote utakazoziona zitoe kwa mkono uweke kwenye mfuko. Usizisukume chini wala usizimwagie maji zizame. Mchanga uliotuama uchote kwa kijiko kibovu mpaka uguse chini.

Zilizoingia ndani ya bomba utazivua. Tafuta ule mkanda wa plastiki mgumu unaofungia maboksi ya vigae au friji, maduka ya vifaa vya ujenzi wanautupa. Kata urefu wa mkono mmoja. Kwa wembe, chanja pembeni kwa mshazari, kila baada ya upana wa kidole: anzia ukingoni upande wa mkono wako, kata kuelekea ncha, usifike katikati. Fanya pande zote mbili. Utapata miiba inayotazama nyuma kama ya ndoana, unaingia bila kushika na unatoka na nywele. Tumbukiza, zungusha nusu duara, vuta taratibu. Rudia mpaka utoke mtupu mara mbili mfululizo.

Mkemia wa Mtaani
Jumamosi, saa 1:10 asubuhi

Fundi anamchosha mama wa watu. Nywele ni protini, na protini inayeyuka kwenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Vijiko vinne kwenye maji, mwaga, lala, asubuhi hakuna nywele. Sayansi ya kidato cha tatu hiyo.

Saluni ya Mtanda Lindi
Jumamosi, saa 1:45 asubuhi

Mkemia, mimi nina saluni hapa Lindi, Mtanda, na nimeshaijaribu hiyo kostiki. Nywele za kichwani zililainika kweli. Rasta hazikuguswa. Rasta ni plastiki kaka yangu, na kwenye tundu langu nusu nzima ilikuwa rasta. Nikabaki na maji ya kostiki yamesimama bafuni na siwezi hata kuingiza mkono. Nilisubiri siku mbili.

Mama Pacha, ukitaka kujua una nini, chukua unywele mmoja ulioutoa, ukaushe, uwashe kiberiti nje. Wa mtu unanuka kama kucha au unyoya ulioungua na unabaki jivu la kusagika. Rasta inajikunja na kuyeyuka, inabaki kijitone kigumu cheusi.

Na mimi nina swali langu fundi. Saluni maji ya kuoshea nywele yanakwenda kwenye sinki. Je, njia ya mkanda inafaa kwa bomba la chini ya sinki?

Fundi Bomba Mikindani
Jumamosi, saa 2:30 asubuhi

Saluni, kwa sinki una bahati zaidi: ile bomba iliyopinda chini inafunguka kwa mkono. Weka ndoo chini yake, legeza nati mbili za plastiki, imwagie humo. Mkanda utauhitaji kwa kipande kinachoingia ukutani tu.

Mkemia, umesema kweli nusu. Kostiki inakula nywele za mtu ikipewa nguvu na muda. Lakini hapa maji yamesimama, kwa hiyo itachujuka kabla ya kufika kwenye kizibo. Ikichanganyika na maji inachemka yenyewe. Kama kifuniko ni cha alumini inakila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Halafu kesho yake mtu ndiye anaingiza mkono mle. Nimeshamwona kijana aliyerushiwa tone moja jichoni kwa kusukuma mpira wa kuzibulia kwenye maji yenye kostiki, sitaki kuona tena. Wengine wanaongeza asidi ya betri, au dawa ya kung'arishia nguo juu ya asidi ya kusafishia choo, na hiyo inatoa gesi ya klorini ndani ya bafu lisilo na dirisha. Mama, kama ulishamwaga dawa yoyote, niambie kabla hujafungua.

Mkemia wa Mtaani
Jumamosi, saa 2:50 asubuhi

Kwa rasta nakubali, sikuzifikiria. Lakini kwa nyumba ya watu wasiosuka na tundu lisilosimamisha maji, nabaki na neno langu.

Mama Pacha Ligula
Jumamosi, saa 9:30 alasiri

Sijamwaga dawa yoyote zaidi ya yale maji ya moto.

Nimefungua! Skrubu ya kwanza ilitoka, ya pili imekatika kichwa, lakini kifuniko kimezunguka na kutoka. Kikombe kilikuwa kimeshikwa na nywele pande zote kama kimevishwa kofia. Nimevuta fungu la kwanza, refu kama mkono wangu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, jeusi, linateleza, na katikati limefungwa na rasta nyekundu. Nyekundu hiyo mdogo wangu alisuka sikukuu ya Idi, kwa hiyo zimekaa humo muda huo wote. Harufu yake siisemi. Mchanga nimechota karibu kikombe cha chai kizima.

Mkanda nimeupata bure dukani. Mara ya kwanza nilichanja kinyume, miiba ikatazama mbele, ukakwama na kutoka mtupu. Nimechanja mwingine vizuri, umetoka na nywele mara tano, ya sita na ya saba mtupu.

Ndoo ya lita 10 sasa: sekunde 15. Kutoka dakika 9! Mabinti wamepiga vigelegele. Kile kikombe nimekiweka kabatini, maana nimeona ndicho kilichokuwa kinashika nywele. Ahsanteni sana.

Ukuti Mkavu
Jumamosi, saa 10:05 alasiri

Hongera mama. Kwa hiyo halikuwa shimo. Langu lilikuwa shimo.

Mama Pacha Ligula
Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Narudi tena jamani. Maji yanakimbia, lakini tangu jana bafu linanuka kama chemba, na usiku nimeua mende wanne wakubwa, wale wekundu, wote karibu na tundu. Nimeharibu kitu?

Fundi Bomba Mikindani
Jumanne, saa 1:00 asubuhi

Jumamosi nilikuwa kazini sikuona ulipoandika habari ya kikombe. Toa kabatini, kirudishe leo hii. Bila kikombe bomba liko wazi moja kwa moja hadi kwenye chemba, mende wanapita kama barabarani.

Kabla ya kukirudisha, ukisugue ndani kwa brashi ya zamani ya meno, hasa ukingo wake. Kama ukingo una kipande kilichomeguka au kinywele cha plastiki kilichobaki tangu kiwandani, kipitishie msasa mpaka kiwe laini, maana hapo ndipo unywele wa kwanza unanasa. Kiweke, mwaga maji, kisha pima tena. Hautapata sekunde 15. Ukipata nusu dakika au zaidi kidogo, hiyo ndiyo kasi yake ya kawaida. Ikifika dakika na nusu, kuna kitu bado kimebaki.

Kwa mafuta ya sabuni yaliyobaki bombani, mwaga ndoo ya maji ya moto ya kuoga, yale ambayo mkono unavumilia, yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Sasa yana kazi, kwa kuwa nywele zimeshatoka.

Mama Pacha Ligula
Jumanne, saa 1:30 usiku

Nimekirudisha. Ukingoni kweli kulikuwa na ncha kali, nimeisugua. Ndoo: sekunde 38. Harufu imekata kufikia jioni. Sasa niambieni jinsi ya kuzuia, sitaki kuingiza tena mkono mle.

Saluni ya Mtanda Lindi
Jumanne, saa 2:10 usiku

Dada yangu, kubwa kuliko yote ni kufumulia nje. Tandika mkeka au khanga kuukuu uani, fumua rasta zote hapo, chana nywele zikiwa kavu, kung'uta kwenye mfuko. Ndipo mtu aingie kuosha. Nywele zilizokufa zinang'oka na kitana, na siku ya kufumua baada ya mwezi mzima zinang'oka nyingi kwa mara moja. Zikishalowa na sabuni zote zinaelekea kwenye tundu. Mimi saluni tangu niweke sheria hiyo nafungua bomba mara moja kwa miezi kadhaa, zamani ilikuwa kila wiki.

Mpangaji wa Chuno
Jumanne, saa 2:45 usiku

Mimi naweka kipande cha chandarua cha zamani chini ya kifuniko, nimekikata duara. Hakipitishi hata unywele mmoja. Ila siku mbili tu kinaziba na maji yanasimama upya, mpaka nachoka.

Fundi Bomba Mikindani
Jumanne, saa 3:15 usiku

Mpangaji, chandarua matundu yake ni madogo mno kwa bafu, sabuni peke yake inaziba. Tena kwa kuwa kiko chini ya kifuniko hukioni. Na chandarua chenye dawa kibaki kitandani. Tumia kichujio cha sinki la jikoni, cha chuma kisichoshika kutu au cha plastiki, chenye matundu ya ukubwa wa punje ya mchele hivi, ukikalishe JUU ya kifuniko. Nywele zitabaki unaziona, na anayemaliza kuoga anaziokota na karatasi, anazitupa kwenye taka. Asizitupe chooni, maana unahamisha tatizo.

Mama Pacha, kwa nyumba yako fungua kikombe kila wiki mbili, dakika tano tu, kabla nywele hazijashikana. Usifunge skrubu tena. Kifuniko kikae kwa uzito wake, ili yeyote nyumbani aweze kukifungua. Watoto wakitoka mchangani wanawe miguu nje. Na mkisafiri wiki kadhaa, mwaga kopo la maji kwenye tundu mkirudi, maana yale ya kuzuia harufu yanakauka.

Jambo moja zaidi. Kuoga kwa kopo kunatumia maji machache, hayana nguvu ya kusukuma kilichopita. Mara moja kwa wiki mwaga ndoo nzima kwa mkupuo, tundu likiwa safi. Likiwa limeziba usimwage, unakwenda kukishindilia kizibo kwenye kona ya bomba, na hapo ndipo maneno ya kuvunja marumaru yanaweza kuwa kweli.

Mpangaji wa Chuno
Jumanne, saa 3:30 usiku

Sawa, nabadilisha. Lakini hili la nani alipe halijajibiwa. Kwangu mwenye nyumba ndiye aliyelipa, alisema bomba ni lake.

Ukuti Mkavu
Jumanne, saa 3:41 usiku

Inategemea mmeandikiana nini. Nywele za mpangaji alipe mpangaji, bomba lililopasuka alipe mwenye nyumba. Ndivyo ninavyoona mimi.

Mpangaji wa Chuno
Jumanne, saa 3:48 usiku

Na kama nywele ni za mpangaji aliyehama? Mimi nimeingia nimekuta limeziba.

Mama Pacha Ligula
Jumapili, wiki tatu baadaye, saa 11:00 jioni

Narudisha majibu kama nilivyoahidi moyoni. Kichujio nimenunua sokoni, tunafumulia uani, na leo nimefungua kikombe kwa mara ya pili. Nimekuta nywele chache, zimejaa kwenye vidole viwili tu, na mchanga kidogo. Ndoo kabla ya kusafisha sekunde 44, baada ya kusafisha 37. Mende sijaona tena.

Kitu kimoja kimebaki. Kwenye kona ya ukutani maji yanatuama kidimbwi kidogo hata tundu likiwa safi kabisa. Fundi, hicho nacho ni nywele?

Fundi Bomba Mikindani
Jumapili, saa 1:20 usiku

Hapana, huo ni mteremko. Aliyepanga vigae hakuielekeza kona hiyo kwenye tundu. Weka gololi ya watoto pale pakiwa pakavu: ikibaki palepale au ikaenda ukutani, umepata jibu. Hilo haliondoki bila kupanga upya vigae vya kona hiyo, na hiyo kazi ni ya mwenye nyumba. Kwa sasa pasukume kwa ufagio wa mpira ukimaliza kuoga.

Mama Pacha Ligula
Jumapili, saa 1:55 usiku

Gololi imekwenda ukutani. Nitampigia mwenye nyumba kesho.